Ripoti ya projekti imerudishwa "ipange kwa sura tano": mwongozo kamili wa kuihamisha bila kuiandika upya

Ripoti nyingi za mwaka wa mwisho ninazoletewa zina ugonjwa mmoja, kazi imefanyika vizuri ila ripoti imeandikwa kama shajara, wiki ya kwanza tulifanya hivi, wiki ya pili tukanunua hiki, wiki ya sita kikaungua. Supavaiza anairudisha ameandika mstari mmoja tu, "fuata muundo wa idara". Mwanafunzi anachofanya ni kuweka vichwa vya sura tano juu ya maandishi yaleyale, anapeleka, inarudi tena.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ni ripoti ya kijana wa uhandisi wa umeme aliyetengeneza mfumo wa kumwagilia bustani ya mchicha, una sensa ya unyevu wa udongo, Arduino Uno, relei na pampu ndogo ya volti 12. Ripoti ilikuwa na kurasa 58 na vichwa tisa, vyote vya aina ya "Kununua vifaa", "Jaribio la kwanza", "Kurekebisha tatizo la pampu". Ripoti zetu vyuoni zinaandikwa kwa Kiingereza, ila mifano hapa naiweka kwa Kiswahili ili tuelewane.

Unachohitaji kabla ya kugusa chochote

- Mwongozo wa idara yako wa kuandika ripoti, toleo la mwaka huu, sio ulioachiwa na kaka aliyemaliza mwaka juzi
- Andiko la mradi lililopitishwa, lile lenye malengo mahususi
- Ripoti yako ilivyo sasa, moja kwenye kompyuta na moja imeprintiwa upande mmoja wa karatasi
- Logibuku na data ghafi, hata kama iko kwenye daftari lililochafuka udongo
- Kalamu za rangi tano
- Maoni yote ya supavaiza, hata yale aliyokutumia kwa WhatsApp

Kuhusu muda, kurasa 50 mpaka 60 zinataka kama siku tatu za kukaa chini kweli. Ukijaribu usiku mmoja kabla ya dedilaini utaishia kubadilisha vichwa tu.

Hatua ya 1: Funga ripoti ya zamani, fungua mifupa mipya

Tengeneza kopi mbili za faili. Ya kwanza iite `ripoti_asili` na usiiguse tena. Ya pili iite `ripoti_ghala`, hiyo ndo utakayokuwa unakata vipande. Halafu fungua faili jipya tupu, `ripoti_sura5`, uandike humo vichwa vya sura na vifungu kama mwongozo wa idara unavyosema, neno kwa neno.

Kwenye idara nyingi sura zinakuwa hivi: utangulizi, mapitio ya maandiko, metodolojia, matokeo na mjadala, hitimisho na mapendekezo. Ila kuna idara zinaweka usanifu wa mfumo ndani ya sura ya tatu, na kuna zingine zinataka uwe mwanzoni mwa sura ya nne. Usikisie, angalia kwenye mwongozo.

Kila jina la sura lipe mtindo wa `Heading 1`, kifungu `Heading 2`, kifungu kidogo `Heading 3`. Usitie bold kwa mkono ukadhani ni kichwa, Word haijui kwamba ni kichwa na ukifika kwenye yaliyomo utalia.

Umefaulu kama ukiwasha `View` > `Navigation Pane` unaona mifupa yote pembeni, sura tano na vifungu vyake, hamna maandishi mengine.

Hatua ya 2: Toa malengo mahususi, yaandike kwenye karatasi moja

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo wanafelia. Shajara inashikwa na tarehe. Ripoti ya sura tano inashikwa na malengo, yaani ukitoa tarehe bila kuweka malengo mahali pake unabaki na lundo la aya.

Kijana wetu alikuwa na malengo matatu:

1. Kusanifu kifaa kinachosoma unyevu wa udongo
2. Kufanya pampu iwake na kuzima yenyewe kulingana na usomaji huo
3. Kulinganisha maji yanayotumika na mfumo huu na yale ya kumwagilia kwa mkono

Yaandike makubwa, yabandike ukutani. Kila kipande utakachohamisha lazima kiwe kinatumikia lengo mojawapo.

Onyo: inaweza kutokea ukakuta andiko lilisema malengo manne na we umefanya matatu. Usifute la nne kimyakimya, maana eksternali anaweza kuwa na andiko lako mezani. Nenda kwa supavaiza, mwambie, "Mwalimu, lengo la nne la kutuma taarifa kwa simu halikufanyika kwa sababu moduli ya GSM haikupatikana, naomba mwongozo." Wengi watakuruhusu ama uliondoe rasmi ama ulieleze kwenye mipaka ya kazi, ila uamuzi uwe wake na uwe umeandikwa sehemu.

Hatua ya 3: Pitia sentensi kwa sentensi na kalamu za rangi

Chukua ile kopi iliyoprintiwa. Usijiulize "aya hii inafanana na sura gani", jiulize sentensi hii inajibu swali gani:

- Kwa nini kazi hii ilihitajika na ililenga nini? Sura ya 1
- Watu wengine walishajua au walishafanya nini? Sura ya 2
- Nilifanyaje, kiasi kwamba mwingine anaweza kurudia? Sura ya 3
- Nilipata nini, na kinamaanisha nini? Sura ya 4
- Basi lengo limejibiwaje na nini kifuate? Sura ya 5

Nasema sentensi, sio aya, kwa sababu mtu anayeandika kwa mpangilio wa kazi anachanganya vyote kwenye aya moja bila kujua. Hii ni aya ya kijana wetu kama ilivyokuwa:

> "Wiki ya sita tulifunga pampu kwenye relei lakini kila pampu ikiwaka Arduino ilikuwa inajizima na kuanza upya. Tulipopima tukaona pampu na Arduino zinatumia adapta moja na pampu ikiwaka volti zinashuka kutoka 12 hadi 6.1. Relei ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Tukanunua adapta ya pili kwa ajili ya pampu peke yake. Baada ya hapo tulijaribu siku 14 na Arduino haikujizima tena, hivyo ni muhimu kutenganisha umeme."

Inasomeka vizuri tu, ni hadithi. Ila ina vitu vya sura nne ndani yake. Arduino kujizima ni kitu kilichoonekana, kinaenda sura ya 4. Volti kushuka hadi 6.1 nayo ni matokeo, sura ya 4, lakini ule upimaji wenyewe, kwamba alitumia multimita na aliiweka kwenye pini gani, unaenda sura ya 3, na kwenye ripoti yake haukuandikwa popote. Maana ya relei ni maarifa ya watu wengine, sura ya 2, na inahitaji rejeo. Adapta ya pili ni sehemu ya usanifu, sura ya 3. Siku 14 bila kujizima, sura ya 4. Ile "ni muhimu kutenganisha umeme" ikikaa na ushahidi wake ni mjadala wa sura ya 4, ikishakuwa ushauri kwa atakayefuata inaingia sura ya 5.

Na "wiki ya sita" inakufa. Msomaji hahitaji kujua ilikuwa wiki ya ngapi.

Ukimaliza kupaka rangi, hesabu kwa macho. Kwa kijana huyu zaidi ya nusu ya ripoti ilikuwa rangi ya sura ya 3, sura ya 2 ilikuwa sentensi chache za maana ya vifaa, na sura ya 5 ilikuwa aya moja ya kushukuru. Hiyo inakuonyesha mapema wapi utahamisha na wapi itabidi uandike kitu kipya. Kwa kawaida sura ya 3 na 4 ni za kuhamisha, 2 na 5 ni za kuongeza.

Umefaulu kama hamna sentensi isiyo na rangi. Zitakazobaki bila rangi kama vile nauli ya kwenda Kariakoo au fundi aliyechelewa, ziwekee mkasi, au kama ni bei za vifaa zipeleke kwenye jedwali la bajeti kwenye viambatisho.

Hatua ya 4: Kata na ubandike, usikopi

Sasa fungua `ripoti_ghala` na `ripoti_sura5` ubavu kwa ubavu. Hamisha kwa `Ctrl+X` na `Ctrl+V`. Sababu ya kukata badala ya kukopi ni kwamba ghala linapungua mbele ya macho yako, unajua kilichobaki, na huwezi kubandika kitu kilekile sura mbili. Nimeona ripoti yenye mchoro mmoja wa saketi mara tatu kwa sababu ya kukopi.

Ukibandika usichague `Keep Text Only` kama umetumia Zotero au Mendeley, inaua viungo vya marejeo na yanabaki maandishi ya kawaida ambayo hayawezi kujisasisha. Chagua `Merge Formatting`, halafu jaribu na rejeo moja kwanza kabla ya kuhamisha yote.

Kitu kingine, zile sehemu zinazorejea mchoro kwa kiungo zikihamia faili lingine zinaweza kukuandikia `Error! Reference source not found.` Usiogope na usianze kurekebisha saa hizi, tutazishughulikia mwisho.

Kwa sasa vipande vitakaa vibaya, havishikani, sentensi zinaanza na "Baada ya hapo" wakati hapo penyewe hapapo. Ni sawa kabisa. Umefaulu kama ghala limebaki tupu.

Hatua ya 5: Shona sura ya 3 na ya 4 pamoja

Anza na hizi mbili, sio utangulizi. Ndani ya sura ya 3 panga vipande kwa malengo: 3.2 usanifu wa kifaa cha kusoma unyevu, 3.3 udhibiti wa pampu, 3.4 jinsi ulinganisho wa maji ulivyofanyika. Halafu sura ya 4 fuata mpangilio uleule: 4.1, 4.2, 4.3. Yaani mtu akitoka 3.4 ajue majibu yako 4.3 bila kutafuta.

Swali linalosumbua wengi ni kupima sensa. Kijana aliweka sensa kwenye udongo mkavu ikasoma 580, kwenye udongo ulioloa ikasoma 270, akachagua 430 iwe mpaka wa kuwasha pampu. Jinsi alivyofanya, yaani alikausha udongo vipi, alisoma mara ngapi, alitumia sensa ya aina gani, hiyo ni 3. Namba zenyewe ni 4. Na andika wazi kwamba kwa sensa aliyotumia, ya kapasita, namba inapanda udongo ukikauka, maana msomaji atadhani 580 ndo unyevu mwingi na ripoti yote itamchanganya.

Sasa kuhusu majaribio yaliyofeli. Kwenye shajara kila kilichofeli kina nafasi yake, na mtu anaona uchungu kukifuta kwa sababu kilimla wiki mbili. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: je kufeli huko kulibadilisha usanifu? Kama ndio, kinabaki. Kama ulikosea tu kuchomeka waya ukarekebisha, kinatoka.

Tatizo la adapta lilibadilisha usanifu, kwa hiyo lilibaki, ila likageuka. Kwenye 3.3 iliandikwa hivi:

> "Mfumo unatumia vyanzo viwili vya umeme, adapta moja kwa Arduino na nyingine kwa pampu. Uamuzi huu unatokana na jaribio la awali lililoelezwa kifungu cha 4.2."

Na kwenye 4.2:

> "Katika jaribio la awali lenye adapta moja, volti zilishuka kutoka 12 hadi 6.1 kila pampu ilipowaka, na Arduino ilijizima. Kiasi hicho kiko chini ya volti 7 zinazopendekezwa kama kiwango cha chini cha kuingiza umeme kwenye Arduino Uno. Baada ya kutenganisha vyanzo, hali hiyo haikujirudia katika siku 14 za majaribio."

Ukweli ni uleule wa wiki ya sita, hakuna kilichobuniwa. Ila sasa ni sababu ya usanifu na ina ushahidi, na zile volti 7 ndo zinafanya kuwe na mjadala. Bila hiyo sentensi ya katikati ungekuwa na tukio tu.

Angalia na wakati wa vitenzi. Vipande vilivyotoka kwenye andiko la mradi vimeandikwa "tutapima", "sensa itafungwa". Kazi imeshafanyika, kwa hiyo vyote vigeuze kuwa wakati uliopita. Tafuta kwa `Ctrl+F` neno `will`, moja moja, usitumie `Replace All`, utaharibu sentensi zinazozungumzia kazi ya baadaye kule sura ya 5.

Hatua ya 6: Jaza sura ya 2, kisha rekebisha ya 1

Maana za relei na sensa ulizotoa kwenye metodolojia zimeshahamia sura ya 2, lakini kamusi ya vifaa sio mapitio. Unahitaji kazi za watu waliotengeneza mifumo kama yako: walitumia nini, walipata nini, wapi waliishia. Na kila uliyemtaja mwisho wake uwe unaelekea kwenye pengo lako. Kijana wetu pengo lake lilikuwa kwamba kazi alizosoma zilionyesha mfumo unawaka na kuzima ila hazikupima maji. Ukiangalia, hilo ndo lengo lake la 3.

Sura ya 1 sasa inakuwa rahisi. Chukua kutoka kwenye andiko, linganisha na kilichofanyika kweli. Kama mipaka ilisema ekari moja na we ulifanya tuta mbili za mchicha za mita 2 kwa 1, andika tuta mbili.

Hatua ya 7: Sura ya 5, lengo moja jibu moja

Rudi kwenye ile karatasi ya ukutani. Kila lengo andikia aya moja fupi ya jibu, kwa mpangilio uleule. Usilete namba ambayo haikuonekana sura ya 4, eksternali wanaidaka haraka sana.

Kwenye lengo la 3, tuta la mkono lilitumia lita 280 kwa siku 14 na tuta la mfumo lilitumia lita 186, tofauti lita 94, yaani asilimia 33.6. Kijana alikuwa ameandika "mfumo huu utawaokolea wakulima theluthi ya maji". Hapana. Alikuwa na tuta moja la kila aina, zao moja, siku 14 zisizo na mvua, na yule wa mkono alikuwa anamwaga lita 20 kila siku hata udongo ukiwa umelowa. Hitimisho linalosimama ni "katika tuta zilizojaribiwa, mfumo ulitumia maji pungufu kwa asilimia 33.6". Halafu kwenye mapendekezo unaweka kurudia jaribio kwa tuta nyingi zaidi na msimu mwingine. Hapo hata akikubana kwenye difensi una pa kusimama.

Hatua ya 8: Namba za michoro, viungo na yaliyomo

Hii iwe mwisho kabisa, maana ukiifanya mapema kila kipande kikihama unaanza upya.

Futa namba zote za michoro na majedwali ulizoandika kwa mkono, weka mpya kwa `References` > `Insert Caption`. Kama idara inataka namba ianze na ya sura, kama Mchoro 3.1, bonyeza `Numbering` halafu tiki `Include chapter number`, ila itafanya kazi tu kama vichwa vyako vimepewa namba kwa `Multilevel List` iliyounganishwa na `Heading 1`. Kisha kila ulipoandika "mchoro hapo juu" weka kiungo kwa `Cross-reference`, kwa sababu baada ya kuhama mchoro huo hauko juu tena, pengine uko sura nyingine.

Kurasa za mwanzo zinazotaka namba za kirumi zitenge kwa `Layout` > `Breaks` > `Next Page`, uzime `Link to Previous` kabla ya kubadili aina ya namba. Weka yaliyomo, halafu `Ctrl+A` na `F9`. Tafuta neno `Error!` kwenye faili zima. Likikosekana, uko salama.

Hatua ya 9: Jaribio la karatasi moja

Chora jedwali la safu nne: lengo, kifungu cha sura ya 3, kifungu cha sura ya 4, aya ya sura ya 5. Jaza namba za kurasa. Kwa kijana wetu lengo la 2 lilikuwa na nafasi tupu kwenye sura ya 4, maana alieleza jinsi pampu inavyodhibitiwa na akahitimisha inafanya kazi, ila hakuonyesha popote iliwaka mara ngapi wala ilikuwa inazima kwenye usomaji gani. Data ilikuwepo kwenye logibuku muda wote. Akaweka jedwali la mistari 14, siku kwa siku, pengo likazibika.

Halafu mpe mwenzako wa kozi nyingine sura ya 3 peke yake, muulize kama angeweza kurudia kazi hiyo bila kukupigia simu. Maswali atakayokuuliza yaandike pembeni, hayo ndo yaliyokosekana.

Ukimpelekea supavaiza, ambatanisha lile jedwali la safu nne ukurasa wa mbele pamoja na orodha fupi ya maoni yake ya awali na ukurasa ulipoyarekebisha. Lile jedwali litoe tu kabla ya kwenda kubaindi.